Insha Isiyo na Mwezi

Nimepokea barua kutoka kwa mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili. Ni ukurasa mmoja na nusu, umeandikwa kwa mkono na kwa Kiswahili, ingawa somo analosoma kwangu hufundishwa kwa Kiingereza. Baada ya shikamoo na salamu za nyumbani kwao Bunda, anakiri kwamba insha aliyoniletea kuhusu bei ya dagaa katika mialo ya Musoma hakuiandika yeye. Iliandikwa na programu ya akili mnemba iliyomo katika simu yake. Barua ilifika kabla sijaanza kusahihisha. Anaomba nafasi ya pili, naye ameniruhusu kulijadili jambo hili hadharani mradi nisimtaje.

Niliwaeleza wenzangu wachache habari hiyo bila kumtaja mhusika, nao wakagawanyika papo hapo. Kundi la kwanza lilisema: sufuri, kisha kamati ya nidhamu, ili wengine wapate funzo. Kundi la pili lilicheka na kusema: msamehe, siku hizi kila mtu anatumia, hata sisi barua za ofisini tunaandikiwa na programu hizo hizo. Naandika makala haya kuyapinga makundi yote mawili. Lile la kwanza linataka kuadhibu kosa ambalo halijalielewa, na lile la pili linataka kulisamehe kosa hilo hilo, nalo halijalielewa. Hakuna upande ulioniuliza insha yenyewe ilisema nini.

Basi tuanze na insha. Kazi niliyoitoa kabla ya likizo fupi ilikuwa hivi: nenda katika mwalo wowote ulio karibu nawe, ufuatilie bei ya dagaa kwa mwezi mmoja, uzungumze na wafanyabiashara wasiopungua watatu, kisha ueleze ni nini kinachoipandisha bei hiyo na ni nini kinachoishusha. Si kazi ya kutafutwa maktabani. Jibu lake liko ufukweni, kwa mfano pale Mwigobero mjini Musoma, na hupatikana kwa kusimama, kutazama, kuuliza na kuandika.

Anayeujua mwalo anafahamu kwamba bei ya dagaa wa Ziwa Viktoria inafuata mwezi, nao ni mwezi wa angani, si wa kalenda. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, na sasa taa za betri na za sola zimeenea. Samaki hukusanyika penye mwanga, kisha wavu hupita chini yao. Mwezi unapong'aa, mwanga wa taa hauna nguvu tena, kwa kuwa ziwa zima linang'aa na dagaa wametawanyika. Ndiyo maana wavuvi huugawa mwezi katika vipindi viwili, giza na mbalamwezi. Wakati wa giza mitumbwi huingia alfajiri imejaa na bei hushuka. Wakati wa mbalamwezi, kwa kama wiki moja hadi siku kumi, mitumbwi mingi hukaa nchi kavu, nyavu hushonwa, na aliye na dagaa wakavu ghalani huuza kwa bei anayoitaka. Juu ya hayo kuna mvua. Dagaa walioanikwa mchangani, miambani au juu ya chanja hukauka kwa siku moja jua likiwa kali. Mawingu yakitanda kutwa nzima huanza kuharibika, na yule mama aliyewanunua wabichi kwa ndoo kwa ajili ya chakula cha watu atawauza kwa hasara kwa watengenezaji wa chakula cha kuku.

Insha niliyoletewa haikuwa na mwezi. Ilikuwa na Kiingereza safi, vichwa vidogo vilivyopangika, na maneno mazito kuhusu mnyororo wa thamani na mabadiliko ya tabianchi. Ilikuwa pia na wafanyabiashara watatu, wote wametajwa kwa majina na umri, na kila mmoja ana bei zake za wiki nne. Bei hizo zilipanda polepole kutoka wiki ya kwanza hadi ya nne, kwa hatua zilizolingana, kama ngazi iliyojengwa na fundi. Dagaa wabichi walipimwa kwa kilo, na ndoo wala beseni havikutajwa hata mara moja. Mwezi mzima ulipita katika insha ile bila mtumbwi hata mmoja kulala nchi kavu. Mtu yeyote aliyewahi kusimama ufukweni alfajiri asingehitaji kompyuta kumwambia kwamba mwandishi hakufika.

Na mwanafunzi mwenyewe anakiri kwamba hakufika. Anaeleza kuwa likizo yote alikuwa shambani na mama yake wakipalilia pamba na kuipulizia dawa, kwamba kijiji chao hakipo ziwani, na kwamba nauli ilimshinda. Kisha anaandika sentensi mbili ambazo nimezisoma mara nyingi: "Mwalimu, wale wafanyabiashara watatu hawapo. Niliiambia simu iniwekee watatu, ikaniwekea."

Kosa limelala katika sentensi hizo. Halikuanza pale mwanafunzi alipoazima maneno ya mashine. Wanafunzi wameazima maneno tangu zamani, kutoka kwa kaka zao, kutoka vitabuni, kutoka kwa wachapaji wa steshenari ambao kwa malipo hukuchapia na kukunyooshea Kiingereza kwa mkupuo mmoja. Kosa ni kuleta chuoni ushahidi wa watu wasiokuwapo, na kuuita utafiti. Insha kama hiyo ikipata alama nzuri, kesho itanakiliwa katika tasnifu, kesho kutwa katika ripoti ya mradi, na mwisho wake afisa fulani atapanga mambo ya wachuuzi wa Musoma kwa bei ambazo hakuna mchuuzi aliyewahi kuuza. Katika mahakama jambo hilo lina jina, nalo ni ushahidi wa uongo. Vyuoni mwetu hatujalipa jina. Kanuni nyingi za vyuo zina kurasa za kutosha juu ya wizi wa maandishi, yaani maneno yanayofanana na ya mwingine, lakini mashine hizi haziibi sentensi ya mtu mmoja. Zinatunga upya, na kinachotungwa hakifanani na chochote. Mlinzi tuliyemweka langoni anatafuta mali ya wizi, wakati mgeni anaingia na noti bandia.

Hapo ndipo wenzangu wa kundi la kwanza huniambia: tumepata dawa, kuna programu za kutambua maandishi ya akili mnemba. Naomba tuhesabu pamoja, maana hesabu yake ni ya darasa la saba. Kampuni ya OpenAI, iliyotengeneza ChatGPT, ilitoa Januari 2023 kitambuzi chake yenyewe. Ikasema kwa uwazi kwamba, katika majaribio yake, kitambuzi kiliyakamata maandishi ya mashine kwa asilimia 26 tu, na kiliyasingizia maandishi ya binadamu kwa asilimia 9. Chukua darasa la wanafunzi 200, na tuseme 20 kati yao wametumia mashine. Kitambuzi hicho kitawakamata wakosaji 5. Kati ya wale 180 walioandika wenyewe, kitawasingizia 16. Kamati ya nidhamu italetewa watu 21, na 16 kati yao hawana hatia. Julai mwaka huo huo kampuni ilikiondoa kitambuzi hicho kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Ikiwa mwenye mashine aliona aibu kuendelea nacho, sisi tunapata wapi ujasiri?

Nitaambiwa vitambuzi vya leo ni bora zaidi. Hata kama ni bora, lipo tatizo ambalo kwetu lina uzito kuliko kwingine. Vitambuzi vingi hupima jinsi maneno yanavyotabirika: sentensi ikifuata njia iliyozoeleka, hushukiwa kuwa ya mashine. Sasa fikiria ni nani anayeandika Kiingereza kilichozoeleka. Ni yule aliyesoma miaka saba ya msingi kwa Kiswahili, akakutana na Kiingereza cha masomo yote akiwa kidato cha kwanza, akakikariri katika vipande vilivyo tayari. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walivipima vitambuzi saba kwa insha 91 za mtihani wa Kiingereza wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilihukumiwa kuwa kazi ya mashine. Insha za wanafunzi wa Kimarekani hazikukumbwa na balaa hilo. Kwa hiyo chombo tunachotaka kukikabidhi fimbo kina tabia ya kumchapa mtoto wa Bunda na kumpita mtoto wa Boston. Chuo Kikuu cha Vanderbilt, huko huko Marekani, kilikizima kitambuzi cha Turnitin Agosti 2023. Kilipiga hesabu kwamba hata kosa la asilimia moja tu, kwa kazi 75,000 zinazopitishwa humo kwa mwaka, lingezisingizia kazi 750 za wanafunzi.

Tukiisoma barua ya mwanafunzi huyu kwa mwanga huo, tutaona thamani yake. Ni ushahidi wa kuaminika kuliko asilimia yoyote itokayo kwenye programu, kwa sababu ameambatanisha mazungumzo yote aliyofanya na simu yake, tangu ombi la kwanza hadi pale alipoitaka imwongezee wafanyabiashara. Chuo kinachompa sufuri na kumfikisha kwenye kamati mtu wa namna hii, huku aliyenyamaza akipita na alama zake, kinawafundisha wanafunzi somo moja tu, nalo ni kunyamaza.

Hata hivyo siungi mkono msamaha wa kundi la pili. Kuna wenzake waliopanda haisi saa kumi na moja alfajiri, wakafika mwaloni, wakapigwa na baridi ya ziwa na kuzomewa na wachuuzi waliodhani ni watu wa mapato. Kusema "kila mtu anatumia" ni kuwatukana hao. Tena ni kumtukana mwanafunzi mwenyewe, kwa kumwambia kwamba hatukutegemea lolote kutoka kwake.

Lipo neno lingine katika barua ile ambalo kundi la pili lingelipenda. Anaandika: "Kuhusu dagaa ninajua mengi, maana shangazi yangu anauza, ila kwa Kiingereza sijui nianzie wapi." Hili nalichukua kwa uzito. Ni kweli kwamba tunawapima vijana wetu mambo mawili kwa wakati mmoja na kuyaandikia alama moja: wanajua nini, na wanakisema vipi katika lugha ambayo shangazi zao hawaizungumzi. Mashine imeingia kupitia ufa huo. Kijana aliyeona kwa macho yake, akakosa maneno, akaomba mashine imtafsirie daftari lake, amefanya jambo moja. Kijana ambaye hakuona chochote, akaomba mashine imwonee, amefanya jambo jingine kabisa. La kwanza ningelikubali, mradi asema amefanya hivyo na daftari lenyewe nilione. La pili silikubali kwa lugha yoyote. Mwanafunzi wangu alianza kwa kulalamikia la kwanza na akatenda la pili, na barua yake ina ukweli wa kutosha kuonyesha kwamba tofauti hiyo anaijua.

Ni ajabu kwamba mjadala huu tunauendesha kana kwamba hauna historia katika mkoa huu. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kupitisha lile tunaloliita Azimio la Musoma. Wengi hulikumbuka kwa elimu ya msingi kwa wote. Upande wake wa pili ulihusu vyuo vikuu: kijana asiingie moja kwa moja kutoka sekondari kwa nguvu ya cheti cha mtihani peke yake, bali kwanza afanye kazi, na wanaofanya naye kazi watoe neno juu yake. Sambamba na hilo, upimaji ukapanuliwa ili kazi na mwenendo wa kila siku vihesabiwe pamoja na mtihani wa mwisho. Sharti la kufanya kazi kwanza lililegezwa baadaye, na lilikuwa na kasoro zake, mojawapo ikiwa kuwapa wakubwa wa kazini na wa chama mamlaka ya kupendelea. Lakini swali lililoulizwa Musoma lilikuwa sahihi: ni nani atakayeshuhudia kwamba huyu kijana anajua kazi, mbali na karatasi yake?

Leo katika vyuo vyetu vingi alama 40 hutokana na kazi za muhula na 60 na mtihani. Zile 40 ndizo mashine imezivamia. Wapo wanaopendekeza tuzifute, turudi kwenye mtihani wa saa tatu wenye alama 100 zote. Huko ni kukimbilia kule kule ambako Mwalimu alitutoa katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alipoilaumu elimu ya kukariri na kutapika. Zile 40 tusizifute. Tuzitafutie shahidi.

Nafasi ya pili niliyompa mwanafunzi huyu ina masharti manne, nami nayaandika hapa ili anayetaka kuyapinga ayapinge yakiwa kamili. Kwanza, kazi ni ile ile, na muda ni mzunguko mmoja wa mwezi. Hatalazimika kufika Musoma, kwani upande wa Bunda nako kuna mialo katika Ghuba ya Speke, na shangazi yake anaruhusiwa kuwa mmoja wa wafanyabiashara watatu. Aende angalau mara mbili, mara moja wakati wa giza na mara moja wakati wa mbalamwezi. Pili, alete daftari la uwandani lililoandikwa palepale kwa lugha anayoitaka, lenye tarehe, saa, kipimo kilichotumika na bei aliyoisikia, pamoja na makosa na mifuto yake yote. Tatu, atakaa nami dakika 20 na daftari hilo mezani, tuzungumze kwa Kiswahili. Nne, hata akifanya vizuri namna gani, alama yake haitavuka ile ya ufaulu, maana wenzake walifanya kazi hii kwa wakati.

Katika dakika hizo sitamuuliza kama alitumia mashine. Nitamuuliza mwezi ulikuwaje usiku wa kuamkia siku aliyokwenda. Nitamuuliza ndoo ya yule mchuuzi wa pili ilijazwa mpaka wapi, maana ndoo ya kufurika na ndoo ya kusawazisha si bei moja. Nitamuuliza kwa nini bei mbili za siku moja zinatofautiana. Aliyekuwepo hujibu maswali haya bila kufikiri sana, na mara nyingi huongeza jambo ambalo hukumuuliza. Asiyekuwepo hujibu kwa maneno ya jumla, au huwa na uhakika kupita kiasi. Bei alizozikusanya mtu mwenyewe huwa na mapengo: siku fulani mchuuzi alikataa kusema, siku nyingine mvua ilinyesha akarudi. Daftari lisilo na pengo hata moja ndilo la kutiliwa shaka.

Wapo watakaosema kwamba hili linawezekana kwa mwanafunzi mmoja aliyeandika barua, lakini kwa darasa la 200 haliwezekani. Kwa dakika 15 kila mmoja zingehitajika saa 50, na hakuna mhadhiri mwenye saa hizo. Hoja hiyo ni ya kweli, na jibu lake ni kura. Kila kazi ikikusanywa, yachaguliwe kwa bahati majina 20 mbele ya darasa zima. Hizo ni saa tano za mazungumzo, ambazo ni chache kuliko zile tunazopoteza kubishana na asilimia za programu. Wale 180 waliobaki hawataulizwa, lakini hakuna aliyejua kabla kwamba hataulizwa, na wote watalazimika kuwa na daftari. Njia hii haitamkamata kila mdanganyifu, ila haitamsingizia yeyote, kwa kuwa kila atakayehukumiwa atakuwa amepewa nafasi ya kujibu kwa kinywa chake.

Wengine watasema nikifungua mlango huu, kesho nitaletewa barua 50 za toba. Ziletwe, kwa masharti mawili. Barua ifike kabla ya kazi kusahihishwa, na iambatane na mazungumzo kamili ya mwanafunzi na mashine. Toba inayokuja baada ya kukamatwa ni utetezi, nayo ina mahali pake katika kamati.

Wala tusione haya kulitumia neno lenyewe, nafasi ya pili. Mtu mashuhuri kuliko wote aliyezaliwa Butiama alitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaizari mwaka 1963, na mwaka 1969 akaitoa tena baada ya kuipitia upya, hali akiwa Rais wa nchi. Kazi kurudiwa na mwenyewe haijawahi kuwa aibu kwa msomi.

Kwa hiyo naviomba vyuo vyetu vitatu katika kanuni zao: viandike kwamba kubuni data na watoa taarifa ni kosa kubwa kuliko kuazima lugha, viandike kwamba hakuna mwanafunzi atakayeadhibiwa kwa asilimia ya kitambuzi peke yake, na viandike kwamba kazi ya uwandani haina alama bila daftari. Mwanafunzi wangu ameanza kazi yake. Giza lijalo liko karibu, na mitumbwi itakuwa majini.